Mshumaa wa Kijani wa Hisa 2,000: Namna ya Kuisoma Chati Iliyopigwa Picha

Mwenyekiti wa chama, mabibi na mabwana, ndugu zangu wote mliofika,

Mmoja wa dada zetu waliomo ukumbini aliletewa picha kwenye simu yake na mtu wa kundi la uwekezaji, naye ameniomba niieleze mbele yenu wote, kwa kuwa anaamini si yeye peke yake aliyeipokea. Ni picha ya skrini ya kompyuta iliyopigwa kwa kamera ya simu, imeinama kidogo upande wa kushoto, na mwanga wa dirisha umefuta pembe moja ya juu. Inaonyesha vijiti vya kijani na vyekundu vinavyoteremka kutoka kushoto kwenda kulia, mistari miwili inayopinda juu yake, na kijiti kimoja cha mwisho cha kijani chenye mkia mrefu chini. Kando ya kijiti hicho mtu amechora mshale mwekundu kwa kidole, akaandika BUY. Hisa ni ya kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Nimeliziba jina lake na kuzirekebisha tarakimu kidogo ili hesabu zitufae na kampuni isitambulike, maana sikuja hapa kumshauri mtu anunue au auze chochote. Nimekuja kueleza kilichomo ndani ya picha hii na, zaidi ya hapo, kile ambacho picha hii haiwezi kutuonyesha.

Naomba kwanza tuusahau mshale. Mshale haukutoka sokoni. Umeongezwa na binadamu ambaye hatumjui. Tuanze na maandishi madogo yaliyo juu upande wa kushoto, kwa sababu ndiyo yanayotueleza tunatazama nini. Pale pameandikwa 1D, yaani kila kijiti kimoja ni siku moja ya biashara. Lau pangeandikwa 1W, kila kijiti kingekuwa wiki nzima, na lau pangeandikwa 5m, kingekuwa dakika tano tu. Umbo lilelile huwa na uzito tofauti kabisa kulingana na muda uliomo ndani yake, na ndiyo maana picha iliyokatwa pembe hiyo haifai kusomwa hata kidogo. Chini kabisa ya skrini, kwenye pembe ya kulia, saa ya kompyuta inaonyesha 19:40, ambayo kwetu ni saa moja na dakika arobaini usiku. Hilo nalo ni jambo la maana, kwa sababu biashara ya hisa Nairobi hufungwa saa tisa alasiri. Kijiti cha siku kilichopigwa picha saa tano asubuhi bado hakijakamilika. Rangi yake inaweza kugeuka na mkia wake unaweza kutoweka kabla ya soko kufungwa. Hiki chetu kilikuwa kimekamilika, kwa hiyo tunaweza kuendelea.

Karibu na 1D kuna herufi nne na tarakimu zake: O 18.20, H 18.60, L 16.90, C 18.45. Hizi ndizo kijiti chenyewe, na kijiti hicho huitwa mshumaa. O ni bei ya kufungulia, yaani bei ya muamala wa kwanza wa siku hiyo. H ni bei ya juu kuliko zote zilizofikiwa, L ni ya chini kuliko zote, na C ni bei ya kufungia. Mchoraji huchukua bei ya kufungulia na ya kufungia, akachora mwili wa mshumaa kati yake. Kisha huvuta mstari mwembamba, ambao tutauita utambi, kutoka mwilini kwenda juu hadi bei ya juu kabisa, na mwingine kwenda chini hadi bei ya chini kabisa. Kwa hiyo mwili wa mshumaa wetu una urefu wa senti 25, kutoka 18.20 hadi 18.45, utambi wa juu una senti 15, na utambi wa chini una shilingi 1 na senti 30. Mshumaa hauna habari nyingine yoyote ndani yake. Hausemi bei zilipishana kwa mpangilio gani, wala ni watu wangapi waliouza, wala kwa nini.

Kuhusu rangi, nitasema kwa ufupi. Katika skrini hii kijani maana yake bei ya kufungia iko juu ya bei ya kufungulia, na nyekundu ni kinyume chake. Lakini rangi ni mapatano ya mchoraji tu: katika skrini nyingi za Uchina, Japani na Korea nyekundu ndiyo ya kupanda, na programu nyingine huacha mwili wa mshumaa wa kupanda ukiwa mtupu bila rangi. Picha ya simu nayo huweza kuififisha rangi. Anayetaka uhakika aisome O, kisha aisome C, alinganishe.

Sasa tufike kwenye sababu ya ule mshale. Mshumaa wenye mwili mdogo juu na utambi mrefu chini, unaotokea baada ya bei kuteremka kwa siku kadhaa, wasomaji wa chati huuita nyundo. Kanuni ya kawaida ni kwamba utambi wa chini uwe angalau mara mbili ya mwili, na wa juu uwe mfupi. Wetu ni zaidi ya mara tano. Maelezo yanayotolewa na wanaoiamini ishara hii ni kwamba wauzaji walifika sokoni wakaisukuma bei chini sana, hadi 16.90, kisha wanunuzi wakajitokeza kwa nguvu wakairudisha juu kabla ya siku kwisha, na kwa hiyo nguvu imehamia kwa wanunuzi. Ni maelezo yanayoingia akilini, na sitaki mdhani kwamba ni upuuzi. Uchoraji huu una asili yake Japani, nchi ambayo soko lake la mchele la Dojima, mjini Osaka, lilipewa idhini rasmi ya serikali mwaka 1730. Katika soko la namna hiyo, lenye wafanyabiashara wengi wanaoshindana bei kutwa nzima, utambi mrefu kweli ni alama ya mvutano wa watu wengi. Lakini maelezo hayo yanasimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa popote kwenye mshumaa: kwamba watu hao wengi walikuwepo.

Je, siku hiyo walikuwepo? Jibu limo ndani ya picha ileile, ila limeandikwa kwa herufi ndogo na mchora mshale hakulizungushia duara. Chini ya mishumaa kuna safu ya nguzo fupi fupi, na kando yake pameandikwa Vol 2K. Vol ni idadi ya hisa zilizobadilishana mikono, na K ni elfu. Kwa hiyo siku ya ile nyundo ziliuzwa hisa 2,000 tu. Tukihesabu kwa bei ya shilingi 18 na kitu, soko zima la kampuni hiyo kwa siku nzima lilikuwa la fedha zisizofika shilingi 40,000. Ukitazama nguzo za siku nyingine, iko inayofika 60K. Hii ya nyundo karibu haionekani.

Nilimwomba wakala wa hisa anipatie orodha ya miamala ya siku hiyo, jambo ambalo mteja yeyote anaweza kumwomba wakala wake. Ilikuwa miamala mitano. Wa kwanza, hisa 200 kwa shilingi 18.20. Wa pili, hisa 100 kwa 16.90. Wa tatu, hisa 1,500 kwa 18.60. Wa nne, hisa 100 kwa 18.50. Wa mwisho, hisa 100 kwa 18.20. Basi. Ule utambi mrefu unaosemekana kuwa vita kati ya wauzaji na wanunuzi ni mtu mmoja aliyeuza hisa 100 zenye thamani ya shilingi 1,690. Huenda alikuwa na haja ya fedha siku hiyo, akatoa oda ya kuuza kwa bei yoyote itakayopatikana, na kwa kuwa wanunuzi walikuwa wachache, oda yake ikateremka hadi ikakutana na mtu aliyekuwa akisubiri chini kabisa. Kanuni za Nairobi huizuia bei isisogee zaidi ya asilimia 10 kutoka bei ya kufungia ya siku iliyotangulia. Siku iliyotangulia hisa ilifungwa kwa 18.30, kwa hiyo kikomo cha chini kilikuwa 16.47, na muamala huo haukuwa mbali nacho. Hakuna aliyeisukuma bei chini, na hakuna aliyeirudisha. Mtu wa tatu alipokuja kununua hisa 1,500 alilipa bei ya wauzaji waliokuwa wakingoja pale pale 18.60 kama kawaida.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu jambo linalofuata hata wawekezaji wa siku nyingi hulipita. Tazameni tena C 18.45. Katika miamala ile mitano hakuna hata mmoja uliofanyika kwa 18.45. Bei hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye hesabu. Katika Soko la Hisa la Nairobi bei ya kufungia inayotangazwa si bei ya muamala wa mwisho. Ni wastani wa bei za miamala ya siku, kila bei ikipewa uzito kwa idadi ya hisa zake. Tuijumlishe pamoja: hisa 200 kwa 18.20 ni shilingi 3,640. Hisa 100 kwa 16.90 ni 1,690. Hisa 1,500 kwa 18.60 ni 27,900. Hisa 100 kwa 18.50 ni 1,850. Hisa 100 za mwisho kwa 18.20 ni 1,820. Jumla ni shilingi 36,900. Ukigawanya kwa hisa 2,000 unapata 18.45 kamili.

Maana yake kwa msomaji wa chati ni kubwa. Vitabu na video nyingi zinazofundisha nyundo na ndugu zake zimeandikwa kwa ajili ya masoko ambayo bei ya kufungia huonyesha mahali soko lilipoishia mwishoni mwa siku, na ndiyo maana huambiwa kwamba kufunga juu ni ushindi wa wanunuzi. Kwetu bei hiyo huonyesha wastani wa siku nzima. Muamala wa mwisho wa siku yetu ulikuwa wa 18.20, sawasawa na ule wa kwanza. Kama programu ingetumia muamala wa mwisho, mwili wa mshumaa ungekuwa mstari mwembamba tu, usio wa kijani wala mwekundu. Mwili ule wa kijani umetokana zaidi na mnunuzi mmoja wa hisa 1,500, ambaye uzito wake katika wastani umewazidi wengine wote. Kuna programu zinazochora kwa wastani na kuna zinazochora kwa muamala wa mwisho, kutegemea zinapochukua takwimu zake, na ukiweka skrini mbili kando kwa kando unaweza kuona hisa ileile, siku ileile, ikiwa na rangi mbili. Anayetumia programu yoyote ailinganishe C yake na bei iliyotangazwa na soko siku hiyo kabla ya kuiamini rangi.

Tusogee sasa upande wa kushoto wa picha, kwenye lile pengo. Mnaona pale mishumaa ilipokuwa ikipanda taratibu hadi 21.50, kisha ghafla mshumaa uliofuata ukaruka chini na kuanza maisha mapya kwa 19.70, bila kugusana na uliotangulia. Katika ujumbe ulioambatana na picha, mchora mshale ameliita pengo hili hofu ya wawekezaji, na akasema hisa imeporomoka mno kiasi kwamba sasa ni ya bei nafuu. Nilipotazama tangazo la kampuni nikakuta kwamba siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwa hisa kuuzwa bila haki ya gawio, na gawio lilikuwa shilingi 1.80 kwa kila hisa. Toeni 1.80 kwenye 21.50. Inabaki 19.70.

Hii haikuwa hofu. Aliyenunua jana yake alikuwa ananunua hisa pamoja na gawio linalokuja. Aliyenunua siku hiyo alinunua hisa bila gawio, naye hakuwa na sababu ya kulipa bei ileile. Mwenye hisa 1,000 aliona thamani yake ikipungua kwa shilingi 1,800 kwenye chati, lakini baada ya wiki kadhaa atalipwa gawio la shilingi 1,800, likikatwa kodi ya asilimia 5 anayotozwa mkazi wa Kenya, yaani shilingi 90, na mkononi atabaki na 1,710. Zipo programu zinazorekebisha bei za nyuma ili pengo la gawio lisionekane, na zipo zisizorekebisha. Ya kwenye picha hii haikurekebisha. Hali kama hiyo hutokea pia kampuni inapotoa hisa za nyongeza bila malipo au inapoigawanya hisa moja kuwa kadhaa, na hapo pengo huweza kuwa kubwa kiasi cha kumtisha mtu asiyejua. Kwa hiyo pengo lolote kwenye chati lilinganishwe kwanza na matangazo ya kampuni kabla ya kupewa jina la hofu au la furaha.

Nimelikawilia pengo hili kwa makusudi, kwa sababu limeharibu ishara nyingine iliyo chini kabisa ya picha. Pale kuna kisanduku chenye mstari wa zambarau na maneno RSI 14, na tarakimu 28.6, na mchora mshale ameizungushia duara. Kipimo hiki huchukua siku 14 za mwisho, hujumlisha kiasi bei ilichopanda katika siku za kupanda, na kando hujumlisha kiasi ilichoshuka katika siku za kushuka. Kisha huuliza: katika mwendo wote huo, kupanda kulichukua sehemu gani ya mia? Kwa mazoea, ikiwa chini ya 30 husemwa kwamba hisa imeuzwa kupita kiasi na huenda ikarudi juu. Ikiwa juu ya 70 husemwa imenunuliwa kupita kiasi.

Tufanye hesabu kwa hisa yetu. Katika siku 14, siku za kupanda zilijumlisha shilingi 1.40, na za kushuka zilijumlisha 3.50. Mwendo wote ni 4.90, na 1.40 ndani ya 4.90 ni asilimia 28.6, kama ilivyoandikwa. Programu nyingi hulainisha hesabu hii kwa namna yake, kwa hiyo jibu la skrini nyingine laweza kupishana na hili kidogo, lakini kiini ni hicho. Sasa, ndani ya ile 3.50 ya kushuka imo 1.80 ya gawio. Ukiiondoa, kushuka halisi kunabaki 1.70, mwendo wote unakuwa 3.10, na 1.40 ndani ya 3.10 ni asilimia 45. Arobaini na tano haimo katika eneo la ishara yoyote, ni katikati. Kwa maneno mengine, kipimo kilifanya kazi yake bila kosa, lakini kililishwa malipo ya gawio kikadhani ni watu wanaokimbia.

Ile mistari miwili, MA 20 ya manjano na MA 50 ya buluu, ni wastani wa bei za kufungia za siku 20 na siku 50 zilizopita. Hukokotwa upya kila siku, na kwa kuwa imejengwa na yaliyopita, daima huchelewa. Bei yetu iko chini ya mistari yote miwili, lakini nayo bado imebeba bei za kabla ya gawio, kwa hiyo sitaichosha hadhira kwayo. Kitu kimoja zaidi cha haraka: tarakimu za upande wa kulia zinaanzia 16 na kuishia 22. Ndiyo maana mteremko unaonekana mkali kama ukingo wa korongo. Hisa ileile ikichorwa kwenye kipimo kinachoanzia sifuri, mteremko ungekuwa wa wastani tu.

Dada yetu aliniuliza swali zuri sana: hata kama ishara ni dhaifu, je, si angeweza kujaribu na fedha kidogo tu, akatoka bei ikikataa? Swali hili haliwezi kujibiwa na chati, kwa sababu chati huonyesha bei zilizokwisha kufanyika, si bei atakazozikuta yeye. Kwa hilo tunahitaji orodha ya oda zinazosubiri. Jioni ile, anayetaka kuuza alikuwa akiomba 18.60, na zilikuwepo hisa 4,000 zinazosubiri kwa bei hiyo. Anayetaka kununua alikuwa akitoa 17.50, na alitaka hisa 300 tu. Tuseme dada yetu ananunua hisa 1,000. Atalipa 18.60 kila moja, yaani shilingi 18,600. Tuseme ada zote za wakala na za soko zinafika asilimia 2 kila upande. Kila mtu aulize kiwango cha wakala wake, kwa kuwa vinatofautiana. Ataongeza shilingi 372, na gharama yake itakuwa 18,972. Ili auze bila hasara, akishalipa tena asilimia 2 ya kuuzia, inabidi apate takriban 19.36 kwa kila hisa, na kwa kuwa bei za kiwango hiki husogea kwa senti tano tano, tuseme 19.40. Hisa ipande zaidi ya asilimia 4, ndipo arudi alipoanzia.

Na akitaka kutoka kesho yake? Mnunuzi aliyepo anachukua hisa 300 kwa 17.50. Hisa 700 zilizobaki itabidi zisubiri, au zishuke zikamtafute mnunuzi wa chini zaidi, kama zilivyomtafuta zile hisa 100 za 16.90. Hapo dada yetu naye atakuwa amechora utambi mrefu kwenye mshumaa, na mtu mwingine kwenye kundi jingine atauzungushia duara. Nawaomba radhi kwa kucheka, lakini ndivyo mambo yanavyokuwa katika hisa zisizouzwa sana.

Nisije nikaeleweka kwamba mishumaa haina maana. Kama siku ile zingeuzwa hisa nyingi kuliko wastani wa siku zilizotangulia, kama miamala iliyo karibu na 16.90 ingekuwa kadhaa na ya watu mbalimbali, kama siku iliyofuata bei ingefungwa juu ya 18.60 kwa idadi nzuri ya hisa, na kama mteremko uliotangulia usingekuwa wa gawio, ningesema kwamba kuna jambo la kuchunguzwa. Kuchunguzwa tu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2006 ulizipima ishara za mishumaa kwenye hisa za kampuni kubwa za Marekani zilizomo katika orodha ya Dow Jones, kuanzia mwaka 1992 hadi 2002, ambazo huuzwa kwa mamilioni kila siku, na haukukuta kwamba kuzifuata ishara hizo kulileta faida kuliko ambavyo bahati ingeleta. Ikiwa huko kwenye umati wa wanunuzi hali ni hiyo, basi kwenye miamala mitano tunapaswa kuwa waangalifu maradufu. Matumizi yangu mwenyewe ya chati ni madogo: hunionyesha kwa haraka hisa inauzwa kwa wingi gani, imezoea kupanda na kushuka kwa kiasi gani, na ni siku gani kulitokea jambo la kwenda kulitafuta kwenye matangazo na hesabu za kampuni.

Kuhusu aliyeituma picha, sitamshutumu, kwa kuwa simjui. Lakini kuna maswali ambayo mpokeaji ana haki ya kuyauliza. Kwa hapa Kenya, anayeifanya kazi ya kuwashauri watu juu ya uwekezaji katika hisa anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni huwekwa wazi na mamlaka hiyo. Jina likikosekana humo, hilo ni jibu. Halafu muulizeni kama yeye mwenyewe anazo hisa hizo, na tangu lini. Katika hisa ambayo shilingi 36,900 ndiyo biashara ya siku nzima, watu ishirini wa kundi moja wakinunua kwa wakati mmoja wanatosha kuipandisha bei, na aliyenunua kabla yao anapata watu wa kumuuzia hisa zake. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba katika hisa nyembamba kama hii inawezekana kwa urahisi, na mshumaa utakaochorwa siku hiyo utakuwa wa kijani na mrefu, wenye kupendeza macho.

Kwa wanaotaka kujua yaliyofuata: siku ya kwanza baada ya ile nyundo hapakuwa na muamala hata mmoja, na programu ikachora kistari kifupi pale pale 18.45, kana kwamba soko lilikutana na kukubaliana juu ya bei hiyo. Siku ya pili ziliuzwa hisa 600, zote kwa 18.30. Hilo halithibitishi kwamba mshale ulikosea, kama vile ambavyo kupanda kusingethibitisha kwamba ulikuwa sahihi. Hisa 600 haziwezi kuthibitisha lolote. Dada yetu amekwisha kumwandikia wakala wake kuomba mambo mawili, orodha ya miamala ya mwezi mzima na ripoti ya mwaka ya kampuni. Zikifika tutakaa na wale watakaopenda, tuanze na ukurasa wa mtiririko wa fedha, tuone kama lile gawio la shilingi 1.80 lililipwa kutokana na faida ya biashara au kwa mkopo.

Ahsanteni. Kama kuna maswali, nitaanza na walio nyuma.